Harufu ya Gesi ya Kupikia: Inakotoka na la Kufanya Inaposikika

Gesi ya kupikia inayouzwa kwenye mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Gesi hizi hazina rangi, na zikiwa safi harufu yake haitoshi kumshtua mtu hata zikikijaza chumba kizima. Harufu ya yai viza inayosikika mpira unapolegea ni ya kitu kingine kilichotiwa humo makusudi kabla ya mitungi kujazwa. Kitu hicho ni merkaptani ya ethili, kimiminika chenye salfa kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 za Selsiasi. Ndani ya mtungi huchanganyika na gesi iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika, na gesi inapotoka, merkaptani hutoka pamoja nayo.

Kinachohitajika ni kidogo sana. Kipimo kilichozoeleka katika biashara ya gesi ni gramu 12 hivi kwa kila lita 1,000 za gesi iliyo katika hali ya kimiminika. Mtungi wa kilo 6 una lita kama 11 za kimiminika hicho, kwa hiyo merkaptani yote iliyomo ni matone machache tu. Matone hayo yanatosha kwa sababu pua ya binadamu ni kali mno kwa misombo ya salfa: huitambua merkaptani hata ikiwa sehemu moja katika sehemu bilioni moja za hewa. Kwa kweli yai viza lenyewe hutoa gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, ambayo ni ndugu wa karibu wa merkaptani. Harufu ya merkaptani iko karibu zaidi na kabichi iliyooza au kitunguu kilichovunda, na ndiyo maana watu wawili walio katika jiko moja wanaweza kuieleza kwa namna mbili tofauti, wote wakiwa sahihi.

Merkaptani hutoka pia kwenye mizoga. Huko Kalifonia, katika miaka ya 1930, mafundi wa mabomba ya gesi waliona kwamba tai wa nchi hiyo hukusanyika na kuzunguka juu ya mahali bomba linapovuja, wakidhani kuna mnyama aliyekufa. Tai wa Afrika hutafuta mizoga kwa macho, kwa hiyo upande huu wa dunia kazi yote imeachiwa pua za watu.

Sheria za kutia harufu kwenye gesi zilipata nguvu baada ya msiba. Mwanzoni mwa mwaka 1937, shule ya New London katika jimbo la Teksasi, Marekani, iliacha kununua gesi kwa mkataba na kujiunganishia gesi ya mabaki kutoka bomba la visima vya mafuta vilivyokuwa jirani, ili kupunguza gharama. Gesi hiyo haikuwa na harufu. Muunganiko ulivuja, na gesi ikajaa polepole katika nafasi iliyokuwa chini ya sakafu bila mtu yeyote kujua. Tarehe 18 Machi, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao, cheche ikaruka, na jengo likalipuka. Watu takriban 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Mwaka huohuo Teksasi ilitunga sheria ya kulazimisha gesi itiwe harufu, na nchi nyingine zikafuata kwa taratibu zao.

Swali ambalo watunga kanuni walilazimika kulijibu ni hili: harufu isikike gesi ikiwa imefikia kiasi gani hewani? Gesi ya mtungi haishiki moto kwa kiwango chochote tu. Ikiwa chini ya asilimia 2 hivi ya hewa, ni nyepesi mno kuwaka, na ikizidi asilimia 9 hivi hukosa hewa ya kutosha kuwaka. Hatari iko katikati ya viwango hivyo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mtu mwenye pua nzima aisikie harufu gesi inapofika moja ya tano ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani asilimia 0.4 hivi ya hewa. Wengi huisikia mapema zaidi ya hapo.

Moja ya tano inasikika kama nafasi kubwa ya usalama, lakini hesabu ya jiko la kawaida inaonyesha kwamba nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Tuseme jiko lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2.4. Ujazo wake ni mita 18 za ujazo. Ili hewa yote ya chumba hicho ifike asilimia 2, inahitajika gesi ya mita 0.36 za ujazo, na kwa kuwa kilo 1 ya gesi hutoa karibu mita 0.45 za ujazo, hiyo ni kama gramu 800. Mtungi mdogo wa kilo 6 una gesi ya kutosha kukifikisha chumba kwenye kiwango hicho zaidi ya mara saba.

Hata hivyo gesi haisubiri kuenea chumba kizima. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani kwa mara mbili. Katika chumba kisicho na upepo, gesi inayovuja huteremka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Ikijikusanya katika tabaka la sentimita 30 juu ya sakafu ya jiko hilo, tabaka hilo lina mita 2.25 za ujazo tu, na gramu 100 za gesi zinatosha kulifikisha kwenye kiwango cha kuwaka. Kichomeo cha kawaida kikiwa wazi kabisa hutumia gramu kama 150 kwa saa. Kwa hiyo kichomeo kilichozimwa na upepo, au kilichofunguliwa na mtoto bila kuwashwa, kinaweza kuijaza sakafu gesi ya kuwaka kwa muda wa dakika 40 hivi, huku pua ya mtu aliyesimama mlangoni ikiwa kwenye kimo cha mita moja na nusu, juu kabisa ya tabaka lenyewe. Anachokisikia ni ukingo wa juu wa gesi. Kipimo cha moja ya tano kinahusu hewa inayofika puani, na miguuni hali inaweza kuwa imeshavuka mpaka. Ndiyo sababu harufu hafifu ya gesi huchukuliwa kwa uzito uleule wa harufu kali.

Kuna wakati harufu husikika bila kuwapo uvujaji. Ile inayojitokeza kwa sekunde moja au mbili jiko linapowashwa ni gesi iliyotoka kabla kibiriti hakijafika, na hupotea moto ukishika. Nyingine huja mtungi unapokaribia kwisha. Propani huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri, mbali kabisa na nyuzijoto 35 za merkaptani, hivyo gesi hutangulia kutoka na sehemu kubwa ya merkaptani hubaki nyuma ndani ya kimiminika. Mtungi ukibakiwa na kidogo, kilichomo kimekolea harufu, na jiko hunuka kuliko siku zote. Mtu aliyezoea mtungi wake huijua dalili hii. Ila harufu ya mtungi unaokwisha husikika jiko likiwa linatumika au linapowashwa. Ikisikika jiko likiwa limefungwa usiku kucha, huo ni uvujaji, mtungi uwe mtupu au umejaa.

Kinyume chake ni hatari zaidi, yaani gesi kuwapo na harufu isiwepo. Merkaptani inaweza kupungua nguvu ndani ya mtungi wenyewe. Kutu iliyo kwenye chuma huigeuza kuwa kitu kingine cha salfa chenye harufu hafifu, na hali hii hujitokeza zaidi kwenye mitungi mipya au iliyokaa muda mrefu ikiwa mitupu, wazi kwa hewa na unyevu, kisha ikajazwa. Udongo pia huinyonya. Gesi inayovuja kwenye bomba lililofukiwa inaweza kupita ardhini na kuingia ndani ya nyumba ikiwa imechujwa harufu yake.

Pua nayo ina udhaifu wake. Ikikaa kwenye harufu ya merkaptani kwa dakika chache, huizoea na kuacha kuisikia, ingawa gesi inaendelea kutoka. Mtu aliyekuwa jikoni muda wote anaweza kuapa kwamba hakuna harufu, na mgeni anayeingia kutoka nje akaisikia akiwa mlangoni. Katika ubishi wa namna hiyo, mgeni ndiye wa kuaminiwa. Mafua, uvutaji wa sigara na umri mkubwa hupunguza uwezo wa kunusa, na wapo waliopoteza uwezo huo baada ya kuugua Uviko. Usingizi ni kizuizi kikubwa kuliko vyote, kwa maana harufu haimwamshi mtu aliyelala kama sauti inavyomwamsha. Nyumba ya chumba kimoja, ambamo mtungi hukaa hatua chache kutoka kitandani au kwenye godoro lililo sakafuni, haina budi kufunga gesi kwenye mtungi wenyewe kila usiku, wala si kwenye kitufe cha jiko tu.

Jambo jingine lililo nje ya uwezo wa merkaptani ni moshi wa jiko. Gesi inapoungua, merkaptani huungua nayo. Jiko linalowaka vibaya katika chumba kilichofungwa, lenye moto wa njano na masizi chini ya sufuria, linaweza kutoa kaboni monoksidi inayoua, na hewa hiyo haina harufu ya yai viza wala harufu nyingine yoyote.

Harufu ikisikika na jiko likiwa halitumiki, kazi ya kwanza si kutafuta inakotoka. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna kitakachowaka. Moto wowote ulio karibu huzimwa ikiwa unaweza kufikiwa kabla ya kuingia penye harufu: sigara, mshumaa, ubani, jiko la mkaa la mpangaji wa jirani. Swichi za umeme haziguswi, ziwe za kuwasha au za kuzima. Watu wengi hukimbilia kuzima taa wakidhani wanapunguza hatari, kumbe swichi hutoa cheche ndogo inapoachanisha waya sawa na inapoziunganisha. Taa iliyowaka iachwe iwake, feni iliyozimwa iachwe ilivyo, na plagi isichomolewe. Gizani ni afadhali kupapasa ukuta kuliko kuwasha taa au tochi ya simu. Friji ndiyo inayofanya muda uwe mfupi, kwa kuwa hujiwasha na kujizima yenyewe bila kumwuliza mtu.

Ikiwa mtungi unafikika kwa hatua chache na harufu si kali, gesi hufungwa hapohapo. Kwenye mtungi wa kilo 15, au wa kilo 13 kama ilivyo Kenya, swichi ya regyuleta huzungushwa hadi alama ya kufungwa. Kwenye mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo kilichofungwa juu yake, kitufe huzungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa mpaka kikaze. Ikiwa kufika kwenye mtungi kunamaanisha kupita katikati ya harufu nzito, au ikiwa sauti ya gesi inayofoka inasikika, mtungi huachwa na watu hutoka.

Wakati wa kutoka, milango hufunguliwa na kuachwa wazi. Kwa gesi ya mtungi mlango una faida kuliko dirisha, kwa sababu gesi iko chini na mlango hufika sakafuni. Dirisha lililo upande wa pili husaidia kwa kuingiza upepo unaoisukuma nje, lakini dirisha peke yake, lenye kizingiti cha mita moja, huacha tabaka la chini bila kuguswa. Hali ni tofauti katika nyumba zilizounganishwa na bomba la gesi asilia, kama zilizopo katika baadhi ya maeneo ya Mtwara na Dar es Salaam. Gesi hiyo ni methani, ni nyepesi kuliko hewa, na hupanda darini. Huko madirisha ya juu ndiyo yenye kazi, na gesi hufungwa kwenye koki ya bomba inayoingia ndani.

Majirani huitwa kwa sauti na kwa kugonga mlango kwa mkono, si kwa kengele ya umeme. Kwenye ghorofa watu hushuka kwa ngazi, na lifti haitumiki. Nje, watu husimama upande unakotoka upepo, mbali na mitaro, mashimo na sehemu za bondeni, ambako gesi hupenda kutuama. Simu hupigwa kutokea huko. Nchini Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na Kenya dharura hupigiwa 999 au 112. Maelezo yanayofaa kutajwa ni kwamba ni gesi, ukubwa na idadi ya mitungi, kama kuna mtu aliyebaki ndani, na alama inayojulikana ya kufikia nyumba, maana mitaa mingi haina namba zinazosomeka.

Mtungi unaoendelea kuvuja baada ya kufungwa unaweza kubebwa nje ikiwa tu mahali ulipo hakuna moto na harufu si nzito. Hubebwa ukiwa wima na kuwekwa mahali pa wazi, palipo mbali na magari, majiko ya mkaa, visima na mitaro ya maji. Kuulaza au kuupindua ni kosa kubwa. Mtungi uliosimama hutoa gesi. Uliolala hutoa kimiminika, na lita moja ya kimiminika hicho hugeuka kuwa lita kama 250 za gesi ikifika hewani. Kimiminika hicho ni baridi kiasi cha kuunguza ngozi kama moto.

Ikiwa gesi imekwisha kushika moto pale inapovujia, mambo hubadilika. Mwali uliosimama kwenye mpira au kwenye regyuleta unaichoma gesi inayotoka, hivyo haikusanyiki. Huo huzimwa kwa kufunga mtungi, mkono ukilindwa na kitambaa kilicholowa ikiwa swichi inafikika. Kuuzima kwa maji au blanketi huku valvu ikiwa wazi huacha gesi ikitoka bila kuwaka hadi ikutane na kaa la karibu, na mlipuko unaofuata huwa mkubwa kuliko moto uliozimwa. Usipoweza kufungwa, au mwali ukiwa unaulamba mtungi wenyewe, watu huondoka na kukaa mbali hadi zimamoto wafike.

Kurudi ndani hungoja hewa ipite vya kutosha, na anayefaa kutumwa kunusa ni mtu aliyekuwa nje muda wote, kwa sababu pua za waliokuwa ndani zimechoka. Hunusa karibu na sakafu: chini ya kabati, chini ya sinki, pembeni mwa friji, kwenye tundu la maji machafu. Hapo ndipo gesi hubaki baada ya sehemu ya juu ya chumba kusafika.

Mahali panapovuja hutafutwa kwa povu, kamwe si kwa kibiriti. Sabuni ya maji au ya unga huchanganywa na maji kidogo hadi itoe povu zito, kisha hupakwa kwa sifongo au brashi laini. Kazi hii hufanyika mtungi ukiwa nje, na kwa awamu mbili. Kwanza gesi ikiwa imefungwa, povu hupakwa kuzunguka valvu ya mtungi. Vipovu vikifumka hapo, valvu ndiyo mbovu, na mtungi hurudishwa kwa muuzaji, hautengenezwi nyumbani. Pili, gesi hufunguliwa huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa, na povu hupakwa pale regyuleta inapokaa kwenye valvu, kwenye ncha mbili za mpira, kwenye urefu wote wa mpira, hasa unapokunjwa, na mwishoni kwenye mashina ya vitufe.

Vipovu kati ya regyuleta na valvu kwa kawaida ni dalili ya kampira ka mviringo kalichochakaa, kupasuka au kudondoka wakati wa kubadili mtungi. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kutazamwa ikiwa harufu ilianza siku ileile mtungi mpya ulipofungwa. Vipovu kwenye ncha za mpira huonyesha klipu iliyolegea. Mpira wenye nyufa ndogo unapokunjwa, uliokakamaa au ulioyeyuka kidogo kwa joto la jiko hubadilishwa wote. Kuufunga kwa utepe wa plastiki hakuzuii chochote. Uvujaji kwenye vitufe ni kazi ya fundi wa majiko ya gesi.

Povu lisipofumka popote na harufu ikaendelea kuja na kuondoka, macho huelekezwa kwenye maji machafu. Shimo la choo hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza halisi, na tundu la sinki au la bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa hukauka maji yaliyo kwenye kona ya bomba na kuipitisha ndani. Ndoo ya maji ikimwagwa kwenye tundu hilo na harufu ikakoma, mtungi hauna lawama.